Tarakimu ya Toleo la Zamani Kwenye Kabrasha la Bodi

Kabrasha la kikao cha bodi ni mkusanyiko wa kurasa zilizotoka mikononi mwa watu tofauti kwa siku tofauti. Mizania hutoka kwa mhasibu, orodha ya mikopo hutoka kwa afisa mikopo, maelezo huandikwa na meneja, na katibu muhtasi ndiye anayeziunganisha, kuzichapa na kuzituma kwa wajumbe. Nyuma ya kurasa hizo kuna faili la Excel ambalo halikutulia kwa muda wote wa maandalizi. Leo limesahihishwa hapa, kesho limeongezwa pale, na kila mara limehifadhiwa kwa jina jipya. Tarakimu iliyonakiliwa Jumatatu inaweza kuwa imebadilika ifikapo Jumatano, huku ukurasa uliopokea nakala ukibaki na ile ya Jumatatu.

Kosa la namna hii ni gumu kuonekana kwa sababu tarakimu yenyewe haikukosewa kuandikwa. Haina sifuri iliyozidi wala alama ya kutoa iliyosahauliwa. Ilikuwa sahihi siku iliponakiliwa, ina ukubwa unaotarajiwa, na anayeukumbuka mjadala wa wiki iliyopita anaweza hata kuitambua. Kwa hiyo kusoma ukurasa peke yake, hata kwa makini, hakutoshi kulifichua.

Mfano unaofuata ni wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi nchini Tanzania, kinachofunga hesabu zake tarehe 31 Desemba. Tarakimu zake zimetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini hatua kwa hatua ndivyo mambo yanavyokwenda katika ofisi nyingi za uhasibu. Mwishoni mwa Januari bodi ya chama inakaa kupitia rasimu ya hesabu na kukubaliana kiwango cha gawio kitakachopendekezwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi. Kabrasha lilishatumwa kwa wajumbe, na Jumanne mchana mhasibu msaidizi anapewa kazi ya kulipitia mara ya mwisho.

Faili lililozaa kabrasha hilo limepita katika matoleo matatu. La kwanza lilikuwa la majaribio tu. Toleo la pili, lililoitwa Hesabu_v2.xlsx, lilionyesha ziada ya mwaka ya shilingi 50,300,000. La tatu, Hesabu_v3.xlsx, linaonyesha 38,600,000. Tofauti ni shilingi 11,700,000, na yote imetokana na jambo moja: tengo la hasara ya mikopo.

Tengo ni kiasi ambacho chama hukiweka pembeni katika vitabu kwa kutambua kwamba baadhi ya mikopo iliyochelewa huenda isirudi. Chama hiki hufuata viwango vya PEARLS, mfumo wa kupima afya ya vyama vya akiba na mikopo uliotungwa na Baraza la Dunia la vyama hivyo, WOCCU. Kwa viwango hivyo, mkopo uliochelewa kwa zaidi ya mwezi mmoja hadi miezi 12 hutengewa asilimia 35 ya salio lake, na uliopita miezi 12 hutengewa asilimia 100. Katika toleo la pili, mikopo ya kundi la kwanza ilikuwa shilingi 52,000,000 na ya kundi la pili 14,000,000. Tengo likawa 18,200,000 kujumlisha 14,000,000, yaani 32,200,000.

Baadaye afisa mikopo akagundua kwamba mikopo mitatu yenye jumla ya shilingi 18,000,000 ilikuwa imeingizwa kwenye mfumo kama mikopo iliyopangiwa ratiba mpya ya marejesho. Mkopo ukishapangiwa ratiba mpya, mfumo huanza kuhesabu upya siku za kuchelewa, na deni la zaidi ya mwaka huonekana kama la miezi michache. Mihtasari ya kamati ya mikopo haikuwa na idhini ya hata mmoja kati ya mikopo hiyo mitatu. Ikarudishwa mahali pake, kundi la waliochelewa zaidi ya mwaka. Kundi la kwanza likashuka hadi 34,000,000, la pili likapanda hadi 32,000,000, na tengo likafika 43,900,000. Jumla ya mikopo iliyochelewa haikuguswa: ni shilingi 66,000,000 katika matoleo yote mawili. Anayelinganisha jumla hiyo peke yake atasema faili halijabadilika, ingawa ziada imepungua kwa zaidi ya milioni kumi na moja.

Mhasibu alifanya marekebisho hayo vizuri. Mizania ikabadilika, taarifa ya mapato na matumizi ikabadilika, na kurasa hizo mpya zikaingia kwenye kabrasha. Sehemu moja tu haikufuata, nayo ni shiti ya mgawanyo wa ziada. Shiti hiyo ilianza maisha yake kama faili la peke yake, Gawio.xlsx, lililokuwa likisoma ziada kutoka toleo la pili kwa kiungo cha namna hii:

```
='[Hesabu_v2.xlsx]Mapato na Matumizi'!$D$38
```

Jina la faili lililo ndani ya mabano ndilo la kutazamwa. Mhasibu alipohifadhi kazi yake kwa jina la Hesabu_v3.xlsx, faili la gawio lilikuwa limefungwa, kwa hiyo kiungo kiliendelea kusoma toleo la pili. Mafaili yote mawili yangekuwa wazi kwa pamoja wakati huo, Excel ingekihamishia kiungo kwenye jina jipya yenyewe. Hii ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba viungo vyake hujirekebisha, na mwenzake wa meza ya jirani akasema vyake havijirekebishi.

Kisha kikaja kitu kilichofunika nyayo. Kila faili la gawio lilipofunguliwa, Excel ilitoa onyo kwamba lina viungo vya mafaili mengine na kuuliza kama visasishwe. Onyo linalojitokeza kila asubuhi huchosha. Shiti ilipohamishiwa ndani ya toleo la tatu ili kila kitu kikae pamoja, mtu akaingia kwenye menyu ya Data na kubonyeza Break Links. Onyo likakoma. Lakini kitendo hicho hakirekebishi kiungo. Kinakiondoa na kuacha mahali pake tarakimu iliyokuwa ikionekana wakati huo. Seli C5 ikabaki na 50300000 kavu, bila fomula na bila alama yoyote ya ilikotoka. Kuanzia hapo shiti ya gawio ilikuwa ndani ya faili jipya, chini ya jina jipya, ikiwa na moyo wa toleo la zamani:

```
C5: 50300000
C6: =C5*20%
C7: =C5-C6
```

C6 ni asilimia 20 ambayo chama hiki hupeleka kwenye akiba ya lazima, na C7 ni kinachobaki kwa ajili ya kugawanywa, shilingi 40,240,000. Kwenye ukurasa wa 11 wa kabrasha kilichapwa hicho cha mwisho tu, kikifuatiwa na pendekezo: gawio la asilimia 8 kwa hisa za shilingi 420,000,000, yaani shilingi 33,600,000, na baki ya 6,640,000. Hesabu za ukurasa huo zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe mpaka shilingi ya mwisho.

Msaidizi hakuanza na Excel. Alianza na karatasi na penseli, na huo ndio uanzaji unaofaa, kwa sababu wajumbe nao watasoma karatasi. Kazi yenyewe ni kuchukua kila tarakimu inayotajwa katika maelezo, kutafuta ukurasa ambao ndio chanzo chake, na kuitiki pale tu zinapofanana. Tarakimu isiyo na ukurasa wa kuikubali haitikiwi, hata kama inaonekana ya kawaida kabisa. Kurasa za mwanzo zilipita bila tabu. Alipofika ukurasa wa 11 akatafuta 40,240,000 kwenye taarifa ya mapato na matumizi, ukurasa wa 6, asiione. Kutokuwepo kwake peke yake si ajabu, kwa kuwa ni tarakimu ya kukokotolewa. Kilichomsimamisha ni kwamba ukurasa wa 6 ulionyesha ziada ya mwaka mzima kuwa 38,600,000. Kinachobaki baada ya kutoa akiba ya lazima kilikuwa kikubwa kuliko ziada kabla ya kutoa chochote. Hapo hapahitajiki elimu ya juu ya uhasibu, bali kurasa mbili zilizowekwa bega kwa bega.

Hatua iliyofuata ilikuwa kurudi nyuma kutoka kwenye jibu. Ikiwa 40,240,000 ni asilimia 80 ya kitu fulani, kitu hicho ni 40,240,000 kugawanya kwa 0.8, sawa na 50,300,000. Tarakimu hiyo haikuwepo popote kwenye kabrasha. Akafungua toleo la tatu, akabonyeza Ctrl+F, akachagua Workbook kwenye sehemu ya Within ili shiti zote zipekuliwe kwa mara moja na Formulas kwenye sehemu ya Look in, kisha akaandika 50300000. Ikajitokeza mara moja tu: shiti ya gawio, seli C5. Kwenye upau wa fomula palikuwa na tarakimu tupu mahali ambapo pangetakiwa kuwa na rejeo. Alipofungua toleo la pili, 50,300,000 ilikuwa pale, mstari wa 38 wa mapato na matumizi.

Kufikia hapo ni rahisi kudhani kazi imekwisha: futa ya zamani, weka mpya. Msaidizi mzuri hasimami hapo, kwani bado hajui kama tarakimu mpya ndiyo iliyo sahihi. Toleo la mwisho linaweza kuwa limeharibiwa na marekebisho ya usiku kama lile la zamani lilivyopitwa na wakati. Tarakimu hukubaliwa kwa kuwa leja inaiunga mkono. Tarehe ya faili haitoshi. Kwa hiyo akachukua tofauti ya ziada mbili, 11,700,000, na kuuliza imetoka wapi. Tengo lilikuwa limepanda kutoka 32,200,000 hadi 43,900,000, ongezeko la 11,700,000 bila kupungua wala kuzidi. Mkopo unaohama kutoka kundi la asilimia 35 kwenda kundi la asilimia 100 huongeza tengo kwa asilimia 65 ya salio lake. Akagawanya 11,700,000 kwa 0.65, akapata 18,000,000. Hiyo ilikuwa jumla ya mikopo mitatu iliyorudishwa kwenye kundi la pili, 7,500,000 na 6,200,000 na 4,300,000, na barua ya afisa mikopo ya kuomba marekebisho ilikuwa kwenye jalada pamoja na marejeo ya mihtasari ya kamati. Mwisho akalinganisha salio la tengo na urari uliotolewa moja kwa moja kwenye mfumo wa uhasibu. Vilikubaliana.

Tofauti inayoelezeka yote, bila kubakiza hata elfu moja, ni ushahidi wenye nguvu sana. Ingebaki shilingi 200,000 isiyo na maelezo, ingekuwa lazima kuendelea kutafuta, maana makosa mawili yanayoelekea pande tofauti huweza kufichana na kuacha baki ndogo inayopuuzwa.

Kisha akaenda kwa mhasibu na kurasa mbili mkononi. “Mama, naomba uuone ukurasa wa 6 na wa 11 kwa pamoja,” akasema, akaziweka mezani na penseli juu ya 40,240,000. Namna hiyo ya kuleta taarifa ina faida yake. Haianzi na jina la aliyebonyeza Break Links wala na maelezo marefu ya seli na viungo. Inampa mkubwa wa kazi nafasi ya kuliona jambo kwa macho yake katika nusu dakika. Maelezo ya njia ya kosa yalikuja baadaye, yakiwa yameandikwa kwenye nusu ukurasa: tarakimu iliyochapwa, tarakimu sahihi, chanzo cha kila moja, na sababu ya tofauti. Hakuwa amegusa faili. Kusahihisha kimyakimya faili lililokwisha kuzaa kabrasha kunafuta ushahidi, na baada ya siku mbili hakuna atakayeweza kueleza kwa nini ukurasa uliotumwa haulingani na faili lililopo.

Athari ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya ziada inavyodokeza. Kwa ziada ya 38,600,000, akiba ya lazima ni 7,720,000 na kinachobaki ni 30,880,000. Gawio la asilimia 8 lingehitaji 33,600,000, yaani shilingi 2,720,000 zaidi ya zilizopo. Bodi ingepeleka mkutano mkuu pendekezo la kugawa fedha ambayo chama hakikuipata. Wanachama wakishaambiwa asilimia 8 ukumbini, kuirudisha chini baada ya wakaguzi kuja, wawe wa COASCO au wengine, ni jambo la aibu na la kuvunja imani. Asilimia 7 inahitaji 29,400,000 na inaacha baki ya 1,480,000.

Marekebisho yenyewe yalichukua muda mfupi. Hesabu_v3.xlsx ilihifadhiwa kama ilivyokuwa, ikatengenezwa nakala mpya, na humo seli C5 ikapewa rejeo la ndani ya faili hilohilo:

```
='Mapato na Matumizi'!D38
```

Ukurasa wa 11 ukachapwa upya ukiwa na maneno “Umerekebishwa” na tarehe juu yake, na katibu wa kikao akawatumia wajumbe pamoja na aya moja inayotaja tarakimu ya zamani, mpya na sababu. Kabrasha zima halikutumwa upya. Mjumbe aliyekwisha kuweka alama zake kwenye kurasa nyingine hana sababu ya kuanza tena, na akitumiwa makabrasha mawili yanayofanana kuna hatari aje kikaoni na lile lisilo lenyewe.

Makosa ya jamii hii hayako kwenye vyama vidogo tu. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilitangaza hasara ya dola za Marekani milioni 24 baada ya kosa la kukata na kubandika kwenye shiti ya zabuni kuichanganya mistari ya bei. Benki ya JPMorgan, katika ripoti yake ya Januari 2013 kuhusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 ya mwaka 2012, ilieleza kwamba mfumo wa kupima hatari uliotumika ulikuwa mlolongo wa shiti za Excel zilizojazwa kwa mkono, data ikinakiliwa na kubandikwa kutoka moja hadi nyingine. Hasara hiyo ilikuwa na sababu nyingi, na kunakili kwa mkono kulikuwa moja tu kati ya udhaifu uliotajwa. Hata hivyo inaonyesha kwamba ukubwa wa ofisi na wingi wa wataalamu havimwondolei mtu ulazima wa kujua seli yake inasoma wapi.

Katika chama cha mfano, vitu viwili viliongezwa baada ya tukio. Cha kwanza ni upekuzi wa seli kavu. Katika Excel mtu akibonyeza F5, kisha Special, akachagua Constants na kuacha Numbers peke yake, seli zote za shiti hiyo zilizo na tarakimu isiyo na fomula huwekewa kivuli. Kwenye shiti ya kuingizia data hilo ni la kawaida. Kwenye shiti ya mgawanyo wa ziada, ambayo kila kitu ndani yake isipokuwa viwango vya asilimia na hisa kinapaswa kukokotolewa, seli kavu iliyo mahali pa ziada hujitangaza yenyewe. Upekuzi huu hauoni kiungo kilicho hai kinachosoma faili la zamani, kwa kuwa hicho bado ni fomula. Hicho hutafutwa kwa Ctrl+F kwa kuandika mabano ya mraba ya kufungulia, ambayo huwepo katika kila rejeo la seli ya faili jingine.

Cha pili ni mstari wa ulinganisho chini ya shiti ya gawio, unaojiuliza kila faili linapofunguliwa kama ziada iliyotumika ni ile iliyo kwenye mapato na matumizi:

```
=IF(ABS(C5-'Mapato na Matumizi'!D38)<1,"SAWA","KAGUA")
```

Shilingi moja imeachwa kwa ajili ya senti zinazopotea katika kukadiria. Mstari huo ungeonyesha KAGUA dakika ile toleo la tatu lilipopokea tengo jipya. Mpaka wake ni ukingo wa Excel. Maelezo ya meneja yaliyoandikwa kwenye Word, au sentensi iliyonakiliwa kwenye barua pepe, haviguswi na fomula yoyote, na kwa hivyo penseli haiondoki mezani. Kinachosaidia hapo ni kila ukurasa unaochapwa kubeba chini yake jina la faili pamoja na tarehe na saa ya kuchapwa, jambo ambalo Excel hulifanya yenyewe likishawekwa mara moja kwenye sehemu ya kijachini. Ukurasa wa 11 ungekuwa na tarehe iliyotangulia ya ukurasa wa 6 kwa siku nne, na tofauti hiyo ingeonekana bila kukokotoa chochote.

Kikao kilianza kwa katibu kusoma aya ya marekebisho na kuhakikisha kila mjumbe ana ukurasa mpya. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tengo limepanda wakati mikopo iliyochelewa imebaki shilingi 66,000,000, na afisa mikopo akaeleza habari ya ile mikopo mitatu. Swali hilo lilichukua muda mrefu kuliko suala la ukurasa wenyewe, kwa haki kabisa, kwani lilizaa agizo kwamba ratiba mpya ya mkopo isiingizwe kwenye mfumo bila namba ya muhtasari wa kamati. Bodi ikapitisha pendekezo la asilimia 7, na muhtasari ukaandika kwamba ukurasa wa 11 wa awali umeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na uliorekebishwa.